Asilimia mbili kwa siku kumi: riba iliyojificha ndani ya ankara

"Msambazaji wa mabati ananipunguzia asilimia mbili nikilipa ndani ya siku kumi, la sivyo nilipe zote siku ya thelathini. Ankara ni laki nne. Kaka, nijisumbue kwa elfu nane?" (Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kariobangi.)

Elfu nane ni ndogo ukiipima kwa laki nne. Ipime kwa siku. Mabati hayo bei yake halisi ni 392,000, na siku kumi za kwanza umepewa bure. Usipolipa siku ya kumi, 8,000 ndiyo ada ya kukaa na hizo 392,000 kwa siku ishirini zaidi. Fomula ni hii:

```
8,000 / 392,000 × 365 / 20 = 37.2%
```

Hiyo ni riba ya mwaka, tena bila kuhesabu riba juu ya riba. Ovadrafti ya asilimia 18 ingekutoza kama 3,870 kwa siku hizo ishirini, kwa hiyo hata ukikopa benki ili umlipe msambazaji, unabaki na zaidi ya elfu nne. Mkopo wa simu wa asilimia 7.5 kwa mwezi usiuguse, ungekula 29,400.

Kwenye karatasi basi jibu ni lipa. Lakini nilifungua faili lake la ankara, na mihuri ya malipo ilikuwa ya siku ya 52, ya 58, ya 61. Msambazaji hununa, hupiga simu mara mbili, kisha huleta mzigo mwingine. Kwa mtu wa namna hiyo, anayelipa kwa kawaida siku ya 60, ada ileile ya 8,000 inanunua siku hamsini, na riba inashuka hadi karibu asilimia 15. Ovadrafti ya siku hamsini ingemgharimu takriban 9,670. Hapo kukopa ili kuwahi punguzo ni hasara.

Sisemi achelewe. Msambazaji aliyechoka hukudai keshi kabla lori halijashusha, na siku hiyo hata zile siku kumi za bure zimekwenda. Ila hesabu ifanywe kwa siku unayolipa kweli, si iliyoandikwa chini ya ankara.

Je, kama fedha ni zake mwenyewe? Zikiwa zimelala kwenye akaunti isiyo na riba, alipe siku ya kumi (ya tatu haimpi senti zaidi). Lakini saruji ikiwa imemwishia dukani na wateja wanaondoka mikono mitupu, 392,000 za saruji yenye faida ya asilimia tano, ikiisha ndani ya siku ishirini, zinamletea 19,600. Aache punguzo, anunue saruji. Nilipomtembelea, mifuko ilikuwa imepangwa hadi karibu na dari, na ya chini ilikuwa imeanza kuganda.