Mkeo hajakuchoka, anaumia

Wanaume wa mji huu mnajua kitu kimoja tu kuhusu kukoma hedhi, kwamba mama hazai tena, basi. Mengine mnayatafsiri wenyewe na tafsiri yenyewe huwa ni moja, bibie ana mchepuko. Amekuwa mkali, hataki kuguswa, usiku anageukia ukutani, sasa kama si mchepuko ni nini? Mimi nasema mara nyingi ni maumivu na usingizi, na nitaeleza kwanini.

Wengi wetu hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55, na inahesabika imekoma ukipita mwaka mzima bila kuona siku zako. Lakini vurugu inaanza miaka kadhaa kabla, mwezi huu unaona mara mbili, miezi miwili huoni kitu. Kipindi hicho homoni ya estrojeni haishuki taratibu kama watu wanavyodhani, inapanda inashuka, na hapo ndo hasira za ghafla na machozi yasiyo na sababu yanapotokea. Sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili nayo inakuwa nyepesi kushtuka, joto likipanda kidogo tu inaamua mama anaungua, mishipa inafunguka, kifua na uso vinawaka, jasho linamwagika, dakika chache baadae anasikia baridi. Sasa weka hiyo kwenye Februari ya Dar, umeme umekatika, feni limesimama, jasho halikauki, na inamjia mara tatu nne usiku mmoja. Mtu wa hivyo asubuhi akikujibu vibaya kuhusu chai usiende kuuliza kwa dada zako ana nini, hajalala. (Ila huzuni ikikaa wiki mbili tatu haiondoki na hata vitu alivyokuwa anavipenda havimgusi, hiyo ni ya kwenda kuonana na daktari, isiitwe uzee.)

Haya tuje chumbani, maana ndo nilikotaka kufika. Estrojeni ndiyo inayofanya ngozi ya ndani ya uke iwe nene, yenye damu ya kutosha na ute. Ikipungua ngozi inakuwa nyembamba, haivutiki vizuri, ute unachelewa au hauji kabisa, na wale bakteria wazuri wanaolinda huko wanapungua ndo maana wengine wanaanza kuugua mkojo kila mara. Kukutana na mume kunachoma, wengine wanasema kama wembe. Ukishaumia mara mbili tatu mwili unakumbuka, misuli ya nyonga inajikaza yenyewe kabla hata hajakugusa, inabana, maumivu yanazidi. Hapo hamu itoke wapi? Na tofauti na lile joto la usiku ambalo kwa wengi linapungua miaka ikienda, huu ukavu hauishi wenyewe, ukiachwa unaendelea.

Kuna mama wa huku kwetu Tabata, ana miaka 51, kanipa ruhusa nisimulie bila jina. Alianza kuumia, hakumwambia mumewe kwa sababu kwenye kichen pati yake zamani makungwi walimfundisha mume hanyimwi, basi akawa anakaza meno. Mume akaona mke amelala kama gogo, akaanza maneno. Shoga yake mmoja akamwambia wewe umelegea, tumia shabu ubane. Nataka mnielewe hapa, shabu kazi yake ni kukausha na kukaza, sasa unaenda kukausha mahali ambapo tatizo lenyewe ni ukavu! Akapata michubuko, akaanza kuona matone ya damu kila wakikutana, akaogopa, akahamia chumba cha watoto. Mume akahitimisha, kuna mwanaume. Yeye naye akahitimisha hivo hivo, maana baba watoto alianza kuchelewa kurudi.

Walichofanya mwisho ni kwenda wote wawili kwa daktari wa kina mama. Kwa sababu ya ile damu daktari alipima kwanza shingo ya kizazi na kizazi chenyewe, majibu yakawa safi. Ndipo akasema shabu iachwe, sabuni na maji ya dawa yasiingie ndani kabisa, kunawa nje kwa maji kunatosha. Akamwandikia krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, dozi ndogo, kila usiku kwa wiki mbili za mwanzo kisha mara mbili kwa wiki. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana, ila aliyewahi kuugua saratani ya matiti asianze mpaka daktari wake wa saratani akubali. Na sio dawa ya siku tatu, nafuu inaanza kuonekana baada ya wiki kadhaa na inaweza kuchukua hata miezi mitatu, halafu ukiacha ukavu unarudi. Wengi wanaiacha wiki ya pili wanasema haifanyi kazi.

Kipindi chote hicho daktari aliwaambia wasiingiliane kabisa mpaka maumivu yaishe, ila wasiache kulala kitanda kimoja wala kushikana. Mume alilalamika eti atashikana mikono mpaka lini, lakini kwa maoni yangu hiyo ndo ilikuwa dawa kubwa kuliko krimu, kwa sababu mke alianza kuguswa bila kuhesabu kwamba baada ya hapa naenda kuumia. Misuli ikaacha kujikaza. Waliporudi kwenye tendo walitumia kilainishi cha maji kutoka famasi, na wakaenda polepole zaidi ya zamani maana damu huko chini sasa inachukua muda kufika. Mafuta ya nazi wengine mnayapenda, sawa, ila kama mnatumia kondomu za mpira yanazipasua. Na msitupe uzazi wa mpango mapema, chini ya miaka 50 subirini miaka miwili tangu hedhi ya mwisho, juu ya 50 mwaka mmoja, mimba za kushtukiza zipo.

Je hamu ilirudi kama ya ujanani? Hapana, na hakuna aliyemuahidi hivyo. Anasema haimjii tena yenyewe akiwa anapika, inamjia baada ya kuanza kupapaswa, mwili ukiwa na raha ndo kichwa kinafuata. Wanaume hii mnaichukulia kama dharau, mnataka mtu awe na moto kabla hamjamgusa, na akiwa hana mnasema hanitaki. Muulize tu, mama watoto, unaumia? Muulize mchana mkiwa mnakunywa chai, msiulizane saa nane usiku ametoka kubadilisha khanga iliyolowa jasho. Na akisema leo hapana, ukinuna siku tatu kesho atakubali huku anaumia, halafu mnarudi kule kule kwenye gogo. Kuna wengine wanatumia dawa za presha au za sonona na baadhi yake zinashusha hamu, hilo nalo litajwe kwa daktari, dawa zibadilishwe na yeye sio kuachwa kimya kimya nyumbani.

Kuhusu damu narudia kidogo, mwaka ukishapita bila hedhi halafu akaona damu, hata tone, hata kama ni baada ya tendo, msiseme siku zimerudi. Mara nyingi ni huo ukavu lakini saratani ya kizazi nayo huanza hivyo hivyo, na kwa macho hamtajua ni ipi. Apelekwe akapimwe wiki hiyo hiyo, na nauli ya bajaji utoe wewe baba.