Mauzo ya siku ya kufunga: sifuri ama tupu?

"Duka likifungwa, programu inatutumia onyo kwamba mauzo yameanguka. Tunyamazishe maonyo siku za sikukuu, ama kila msimamizi aseme mwenyewe atafunga lini?"

Wahasibu wengi ninaofanya nao kazi hapa Lubumbashi huchagua njia ya kwanza, na sababu yao ina uzito. Msimamizi akipewa uwezo wa kuandika "tumefunga", anaweza kuuza kutwa, akatia pesa mfukoni, kisha akasema walikuwa kilioni. Orodha ya sikukuu za serikali haihongeki. Hata hivyo naona njia ya pili imehukumiwa haraka, kwa sababu wanaoipinga hulitazama onyo la uongo la siku yenyewe tu, na hasara kubwa huja siku zinazofuata.

Tuchukue Januari 2026. Tarehe 16, siku ya Laurent-Désiré Kabila, iliangukia Ijumaa. Tarehe 17, siku ya Patrice Lumumba, Jumamosi. Kisha ikaja Jumapili. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi pale Kamalondo huuza dola 600 kila siku ya kazi, na programu hutoa onyo mauzo yakiwa chini ya asilimia 60 ya wastani wa siku 7 zilizotangulia. Ukinyamazisha maonyo, simu ya mwenye duka haitalia jioni tatu mfululizo, lakini sifuri tatu zinabaki kwenye jedwali. Jumatatu tarehe 19, wastani ni 2,400 gawanya kwa 7, yaani karibu dola 343, na kikomo cha onyo kimeshuka hadi 206. Sasa malipo kwa simu yanakwama siku hiyo, wateja wanaondoka mikono mitupu, na duka linauza dola 250. Programu inanyamaza, kwa kuwa 250 bado iko juu ya 206. Jumanne kikomo ni 176, Jumatano ni 146, na duka likiendelea kuuza 250 kila siku, programu inazidi kuiona hali hiyo kuwa ya kawaida. Hili ndilo linalonisumbua kuliko kelele zote za sikukuu: sifuri isiyo ya kweli inalificha anguko la kweli, na anguko lenyewe linazidi kujificha kila siku linapoongezwa kwenye wastani.

Kama siku za kufunga zingeachwa tupu, na wastani ukachukua siku 7 za mwisho ambazo duka lilikuwa wazi, wastani ungebaki 600 na kikomo 360. Onyo lingefika Jumatatu jioni. Mara nyingi kosa limo katika `COALESCE(mauzo, 0)`, ambayo hugeuza kila pengo kuwa sifuri. Badala yake:

```sql
AVG(CASE WHEN hali = 'wazi' THEN mauzo END)
```

`AVG` haihesabu `NULL`, yaani nafasi iliyoachwa tupu, kwa hiyo siku iliyofungwa haivuti wastani chini. Hali ziwe tatu: `wazi`, `imefungwa` na `haijafika`, hii ya mwisho kwa siku ambayo mtandao ulikatika na takwimu hazikutumwa. Duka lililo wazi lisipouza kitu, sifuri yake ni ya kweli na lazima ipige kelele.

Kwa nini basi hali ya `imefungwa` isitoke kwenye orodha ya serikali? Kwanza orodha hubadilika: tarehe 6 Aprili, siku ya Simon Kimbangu, iliongezwa mwaka 2023, na programu iliyonakili orodha ya zamani haiijui. Pia maduka hayafanani. Duka la dawa hufungua siku ambayo majirani wamefunga. Mwenye duka Mwislamu hufunga siku ya Idi, ambayo haimo katika sikukuu za taifa. Na tawi linalohesabu mali yake hufunga siku yoyote. Anayejua ni msimamizi.

Kuhusu wizi, tukumbuke kwamba onyo lililonyamazishwa kwa kalenda humpa mwizi siku anayoijua mwaka mzima kabla. Kwa msimamizi kuna vizuizi. Atangaze kufunga kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia. Tangazo lililochelewa, hata la msiba, lipite mkononi mwa mhasibu kabla ya kukubaliwa. Na siku iliyoandikwa `imefungwa` ikionyesha hata risiti moja, hilo liwe onyo peke yake. Anayeuza bila risiti hatanaswa na wastani wowote. Huyo hukamatwa kwa kuhesabu mali.

Inabaki siku ya nusu, duka linapofunguliwa saa sita mchana kwa sababu ya mazishi ya jirani. Hapo neno `imefungwa` halitoshi: andika saa ya kufungua, kisha linganisha mauzo ya saa sita hadi jioni na ya saa hizo hizo katika siku zilizopita.