Fungu la kumi la mwenyekiti, na korosho zilizochelewa kulipa

"Wanangu mnaojiunga leo, kabla hamjaniuliza tutapata ngapi, niambieni tutapoteza ngapi. Dili moja lisile zaidi ya sehemu ya kumi ya mfuko. Hatukopi ili tuwekeze. Na hatuingii mahali ambapo hatujaandika tutatokaje." Hayo ni maneno ya mwenyekiti wa klabu yetu ya uwekezaji hapa Mtwara mjini, akiwakaribisha wanachama wapya sita.

Alipotaja sehemu ya kumi, akina mama wa kwaya waliangua kicheko: fungu la kumi limetufuata mpaka kwenye klabu! Kijana mmoja kati ya wale wapya, muuza simu, hakucheka. Alisubiri hotuba iishe, akanyoosha mkono. "Shikamoo mama mwenyekiti. Kwa fungu la kumi tutazeeka." Baadhi ya wazee walimkodolea macho, lakini mimi ndiye mweka hazina, na nilijua hoja yake ina mashiko kuliko walivyodhani.

Tuko 30 sasa, kila mmoja anachanga shilingi 50,000 kwa mwezi, na mfuko umefika milioni 20. Kwa kanuni ya mwenyekiti, dili moja halipati zaidi ya milioni 2. Kwa fedha hiyo hupati bodaboda mpya. Ukomo unakukatia njiani kabla hujafika dukani. Huo ndio udhaifu wa kanuni ya uwiano kwa mfuko mdogo: vitu vingi vyenye faida halisi haviuzwi vipande vipande. Nusu ya pikipiki haibebi abiria. Kwa hiyo kijana anaposema kanuni inatusukuma kwenye mambo madogomadogo yasiyo na tija, hasemi uongo.

Tena ana hoja ya pili, ambayo ni nzito zaidi. Tukipoteza milioni 2 zote, michango ya wiki sita inatosha kuziba pengo. Sasa woga wote huu ni wa nini?

Mwenyekiti alijibu kwa hesabu ambayo kila anayefundisha uwekezaji huanza nayo, na ni sahihi. Mfuko wa milioni 20 ukipoteza nusu, unabaki na milioni 10, na kurudi ulipokuwa unahitaji faida ya asilimia 100. Kwa faida ya asilimia 12 kwa mwaka, hiyo ni safari ya miaka sita na kidogo. Ukipoteza sehemu ya kumi tu, unabaki na milioni 18, na kwa faida ileile unarudi kabla mwaka haujaisha. Hasara haipandi na faida kwa ngazi moja. Waliokuwa watu wazima wakati wa DECI, ule mchezo wa upatu, wanaijua hesabu hii bila kuandikiwa ubaoni: waliambiwa "wapande mbegu", wapo waliopanda mpaka fedha ya mkopo, na mwaka 2009 mambo yakasimama.

Ila jibu hilo halimgusi kijana. Yeye hafikirii kusubiri miaka sita. Anasema michango itafukia shimo. Kwa hiyo nilifungua daftari, nikapiga hesabu yake mwenyewe mpaka mwisho.

Michango yetu kwa mwaka ni milioni 18. Mfuko wa milioni 20 ukipata asilimia 12, faida ni milioni 2.4. Tuseme tumevunja kanuni zote, tumekimbilia dili za asilimia 30, na kila moja imejibu: faida ni milioni 6. Tofauti kati ya klabu yenye nidhamu na klabu yenye tamaa ni milioni 3.6 kwa mwaka, na hapo nimempa mwenye tamaa bahati ya kutokosea hata mara moja. Katika umri huu wa klabu, kinachokuza mfuko ni zile elfu hamsini hamsini. Faida bado ni kitoweo tu.

Sasa jiulize nini hutokea kwa elfu hamsini hizo baada ya hasara kubwa. Nimeona klabu mbili zikifa, na hakuna iliyokufa siku ya hasara yenyewe. Mwezi wa kwanza watu wanachanga kwa huzuni. Mwezi wa pili wanane "wana msiba". Mwezi wa nne mtu anapiga simu usiku kuuliza utaratibu wa kuondoka na hisa zake ukoje, na kesho yake wenzake watano wanauliza swali lilelile. Mweka hazina huiona dalili kabla ya wote: michango inaanza kuingia tarehe 9, kisha tarehe 17, kisha inaingia nusu. Hapo hesabu ya wiki sita imeshavunjika, kwa sababu ilidhani watu 30 wataendelea kuchanga kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo namuunga mkono mwenyekiti, ingawa kwa sababu ambayo yeye hakuitaja. Fungu la kumi linalinda michango kuliko linavyolinda milioni 20. Hasara ya milioni 2 watu wanainung'unikia na kuendelea. Hasara ya milioni 10 inawatawanya.

Ninapotofautiana naye ni kwenye namna ya kuhesabu hilo fungu. Yeye anahesabu kwa jina la dili: mkopo wa fulani, kiwanja, magunia, kila kimoja kisizidi milioni 2. Fedha zilizoko UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kaziruhusu kuzidi, kwa kuwa huko zimeshatawanywa kwingi, na hilo sina ugomvi nalo. Lakini sisi tuko Mtwara. Huku mambo kumi yenye majina kumi tofauti yanaweza kuwa jambo moja, na jambo hilo ni korosho.

Msimu wa 2018 unatosha kuonyesha. Mwaka uliotangulia bei mnadani ilikuwa imegusa shilingi 4,000 kwa kilo, na watu waliingia msimu mpya na matumaini yaleyale. Oktoba wanunuzi wakaja na bei za chini ya 3,000, wakulima wakagoma kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaingia kazini kusomba mzigo. Kisha ukaja uhakiki, hasa kwa waliokuwa na zaidi ya kilo 1,500, ili kuwabaini wa kangomba, yaani wale walionunua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Malipo ya wengi yakachukua miezi.

Hebu liangalie hilo kwa jicho la mtu aliyekopesha. Bei ilipanda kutoka ile ya mnadani. Mkulima hakuibiwa wala hakuwa na mzigo mbovu. Kwenye karatasi kila mtu alikuwa salama, na mkopeshaji aliyeandika "nitapoteza bei ikishuka chini ya kiasi fulani" hakuona hatari yoyote. Alichokosa ni muda. Aliyeahidiwa kulipwa Desemba alikuwa bado anasubiri baada ya mwaka mpya, ada za shule zikiwa mlangoni. Na hakusubiri peke yake: mwenye duka aliyeuza kwa mali kauli alisubiri, mwenye guta la kubeba magunia alikosa kazi ya kulipwa taslimu, fundi aliyeahidiwa kuezeka nyumba baada ya msimu aliweka nyundo chini. Ukiwa umewagawia hao wanne milioni 2 kila mmoja, umefuata kanuni ya mwenyekiti neno kwa neno, na milioni 8 zako zimelala kitanda kimoja.

Upo pia upande wa pili wa muda, nao ni viwanja. Gesi ilipopamba moto miaka ya 2012 na 2013, watu walinunua ardhi Mtwara kwa bei za kuota, na baadaye macho yakahamia Likong'o kule Lindi, eneo la mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika. Kiwanja hakijaoza wala hakijaibiwa, na mwenye nacho atakwambia thamani yake bila kupepesa. Mwambie akuuzie wiki hii kwa bei hiyohiyo uone kama atapata mnunuzi. Kanuni ya tatu ya mwenyekiti, ya kuandika tutatokaje, ndiyo ninayoiona bora kuliko zote kwa sababu hiyo, na nashangaa aliitaja mwisho na kwa haraka. Isipokuwa "tutauza" haitoshi kuwa jibu. Lazima pawe na nani atanunua, na itachukua siku ngapi. Fedha za mfuko wa ukwasi wa UTT naweza kuzirudisha benki ndani ya siku chache za kazi. Kiwanja kinaweza kuchukua miaka.

Hili la kijana na bodaboda nalo lisitupwe. Ningekubali dili livuke milioni 2 iwapo ni kitu kinachouzika upesi na kipato chake hakitegemei msimu. Pikipiki inayopeleka wanafunzi na wagonjwa kila siku inaweza kufaulu mtihani huo kuliko mkopo wa laki nane kwa mtu anayesema "korosho zikilipa." Mwenyekiti hakubali, anasema ukifungua mlango kwa pikipiki, kesho atapita mtu na trekta. Ana uzoefu wa watu kunishinda, na huenda yuko sahihi.

Baada ya kikao nilimwomba ruhusa niongeze safu moja kwenye daftari, mkabala na kila shilingi iliyotoka: fedha hii inarudi kwa kutegemea nini? Tulikaa barazani kwake tukaijaza pamoja. UTT milioni 5, benki milioni 1.5, viwanja milioni 2. Hizo hazina korosho ndani yake. Mikopo ya wanachama ni milioni 8, na hakuna mmoja aliyepewa zaidi ya milioni. Katika hizo, milioni 5.5 ziko kwa watu walioandika kwa mkono wao kwamba watalipa baada ya mnada. Guta tulilonunua mtumba kwa milioni 2 hubeba magunia. Shehena ya magunia matupu, milioni 1.5, haihitaji maelezo.

Alijumlisha mwenyewe kwa kalamu yake: milioni 9 kati ya 20. Akauliza ni wangapi kati yetu 30 wanaochanga kwa fedha ya shamba. Nikamwambia kumi na tisa. Akanyamaza kidogo, akaniomba nimwitie yule kijana wa simu.