Kiti kina mwenyewe

Filamu ya dakika saba, ukumbi umejaa, mzee wa watu anadondoka na kiti puu! Badala ya kicheko nikasikia mama mmoja wa safu ya mbele akisema, "Maskini, pole baba." Mwandishi wa kichekesho nilikuwa mimi. Mhariri aliyekiua pia nilikuwa mimi.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mpangaji ana kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa kamba. Anaona aibu kusema ni kibovu, kwa hiyo kila mgeni akitaka kukikalia anamwahi: "Hicho hapana, kina mwenyewe." Mwishoni anaingia mwenye nyumba kudai kodi ya miezi mitatu. Mpangaji anafungua mdomo, mzee anamkata: "Kina mwenyewe? Na mwenyewe si ndiye mimi?" Viti vyote vya nyumba ile ni vyake kweli. Anakaa. Puu.

Rasimu ya kwanza niliiweka ile kauli mara saba, nikidhani kichekesho ni kama chumvi. Tulipoisoma mezani, mara ya pili watu walicheka, ya tatu wakacheka zaidi. Ya nne wakawa wanammalizia mwigizaji sentensi. Ya tano kila mtu yuko kwenye simu yake. Ukiona msikilizaji anakumalizia, jua ameshafika kabla yako, na kicheko hakimngoji mtu aliyeshafika.

Nikabakiza nne, na kila moja nikaipa kazi yake. Ya kwanza ni kupanda mbegu tu: jirani anataka kukaa, anazuiwa, kamera inaisogelea ile kamba. Ya pili, mgeni mwingine ameshainama nusu, kauli inatoka kwa kelele, naye anabaki ameinama vilevile akipokea chai. Ya tatu mpangaji hayupo kabisa, na anayesema ni mtoto wake wa miaka sita, kwa sauti ya mtu mzima na mkono kiunoni. Hapo ndipo mtazamaji anapojua nyumba nzima inaishi na uongo ule. Kisha kimya cha kama dakika mbili bila kiti kutajwa, ili watu wakisahau kidogo. Wasikisahau kabisa, ndiyo maana tuliacha kikionekana pembeni mwa picha. Halafu mwenye nyumba.

Kwenye karatasi ilikaa sawa. Balaa lilianza kwenye kuhariri. Filamu ilitoka dakika saba na sekunde ishirini, na tuliambiwa isizidi saba. Nikaitazama upya nikitafuta pa kukata, macho yakatua kwenye lile tukio la jirani. Sekunde ishirini na tano, na hakuna hata anayecheka pale! Nikafyeka lote, pamoja na picha ya kamba.

Sasa jiweke kwenye kiti cha yule mama. (Kizima, usijali.) Hajawahi kuona kamba. Anachoona ni mtu mchoyo anayewanyima wageni kiti, kisha mzee anaanguka ghafla. Hana sababu ya kucheka, ana sababu ya kusema pole. Sisi tuliotengeneza tulikuwa tunacheka chumba cha kuhariri kwa sababu kamba tulikuwa nayo kichwani. Skrini haikuwa nayo. Mtu aliyesoma skripti hawezi kukupimia kichekesho kinachojirudia, kwa sababu yeye hasahau mbegu hata ukiing'oa. Mtafute ambaye hajui lolote, na usitazame filamu, mtazame yeye.

Kurekebisha kulikuwa kwepesi kuliko fedheha. Sikurudisha tukio zima, nilirudisha sekunde nne: mkono unaikaza kamba kwenye mguu wa kiti, na kiti kinalia kriii. Ile kriii nikaiweka tena chini ya mara ya pili na ya tatu, kila mgeni anapokigusa tu. Mwenye nyumba alipoanza kuinama ikalia mara ya mwisho, na nikampa nusu sekunde ya kusita kabla hajaachia uzito. Safari hii watu walianza kucheka kwenye kriii, kabla hajaanguka.

Naweza kusema hivyo kwa uhakika kwa sababu nilikuwa nimesimama na kuwaona wote. Nilichelewa kufika, kikabaki kiti kimoja tu, mwisho wa safu. Kijana aliyekaa pembeni yake, ambaye alikuwapo pia siku ya pole baba, akanitazama bila hata kutabasamu: "Hicho hapana, kaka. Kina mwenyewe."

Nikaegemea ukuta dakika zote saba. Taa zilipowaka nikakiinua, nikakigeuza: miguu minne, mizima, hakuna kamba.