Kiboko cha monita kilitoka wapi

"Mimi sijawahi kumfunza mtoto kuchapa mwenzake, sasa hii tabia monita wangu ameitoa wapi?" (mwalimu wa gredi ya nne, Kisumu)

Madam, kabla ulaumu nyumbani kwao, angalia kwanza huyo mtoto anachapa vipi. Kama anagonga dawati mara mbili na rula halafu anauliza "nani huyo anapiga domo huko nyuma?" na sauti ni yako kabisa, mimi naona tushajua imetoka wapi.

Mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake walijaribu hii kitu 1961 kule chuo cha Stanford, Amerika, na watoto 72 wa nasari. Kuna wale walioonyeshwa mtu mzima akikalia mdoli mkubwa wa kupulizwa, anaupiga ngumi puani, anaugonga kichwa na nyundo, na huku anaropoka maneno yake. Sasa watoto kupigana ni kawaida, hiyo haikuwa habari, kilichoangaliwa sana ni kama mtoto atapiga vile vile na kusema maneno yale yale, na wale waliokuwa wameona hiyo vurugu walirudia mambo hayo zaidi kuliko wenzao ambao hawakuiona.

Lakini utafiti wa Bandura wa 1965 ndio unakuhusu zaidi. Watoto walionyeshwa filamu, kwa wengine yule mpigaji akatuzwa, kwa wengine akagombezwa, kwa wengine hakufanywa kitu. Waliomwona akigombezwa waliiga kidogo, ungedhani hawakushika chochote. Kumbe walipoahidiwa zawadi kwa kila kitendo watakachokumbuka, ile tofauti ikaisha, walikuwa wameshika sawa na wenzao na kuyaweka tu. Monita wako vilevile: term nzima mpole, halafu siku umempa ubeji na ukaenda stafrumu, yote yakatoka. Na hukuhitaji kukusudia, ilitosha tu akuangalie kila siku na aone ukigonga darasa linanyamaza.

Enyewe wanaopinga wana pointi. Ule mdoli umetengenezwa upigwe na uinuke tena, haulii, na watoto walipimwa muda mfupi tu baada ya kuona, kwa hivyo kutoka hapo hadi tabia ya mwaka mzima ni mbali. Tena mtoto wa Nyalenda ana kaka zake, ana majirani, ana makanga wa stejini, huwezi kubebeshwa wewe peke yako. Hata ukiniambia huchapi, na sheria ya elimu ya 2013 imekataza, kuna mahali pengine anaona watu wakichapwa. Kwa hivyo kile kiboko chenyewe sikuwekei, lakini ile rula na yale maneno, hapana, hayo ni yako.

Ukitaka uhakika badilisha monita, weka mwingine wa boma tofauti asiyecheza na huyu wa kwanza, kisha usimame nje ya dirisha usikize. Akigonga mara mbili na yeye, acha kuuliza wazazi. Ila hata hapo si ushahidi kamili, manake huyo wa pili pia amekaa akimtazama wa kwanza.