Waifai tu? Waifai ya nani?

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kunisalimia, laptopu mgongoni kama kawaida ya vijana wa chuo. Chai ilikuwepo, mihogo ilikuwepo. Akaniomba hotspoti dakika tano tu, atume CV. Nikampa. Nani anamnyima mtoto wa dada yake MB mbili za CV?

Hazijapita dakika hamsini, meseji ikaingia kwenye simu yangu: bando limekwisha. Bando la mwezi hilo, na tarehe ilikuwa 9. Asubuhi yake nilikuwa nimeangalia, GB 4 na ushee zilikuwepo.

"Umefanya nini humo ndani?"

"Sijafanya kitu, mjomba. CV yenyewe bado naiandika."

"Sasa GB 4 zimekwenda wapi?"

"Labda simu yako, mjomba. Mimi kwangu kila kitu nimeseti kishuke kwenye waifai tu."

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mimi sikupona.

Tukafungua laptopu yake. Kwenye Windows ukiingia `Settings`, kisha `Network & internet`, kisha `Advanced network settings`, kuna sehemu inaitwa `Data usage`, inakutajia kila programu imekula kiasi gani. Ushahidi ulikuwepo wote. Apdeti za Windows zimekula sehemu yake, na gemu moja la mpira, ambalo hata halikuwa limefunguliwa, limejishushia sehemu kubwa zaidi. Kijana hakudanganya hata neno. Alikuwa ameseti waifai tu, na alikuwa kwenye waifai. Waifai yangu.

Ndiyo maana nimekasirika, na sijamkasirikia yeye. Hili neno "waifai tu" limetengenezwa na watu ambao kwao waifai ni bomba la ukutani, unalipa kwa mwezi na hakuna anayehesabu. Kwao swali "je, ni waifai?" na swali "je, hailipiwi kwa kipimo?" ni swali moja. Huku kwetu waifai kwa kiasi kikubwa ni simu ya mtu mwingine. Ni ruta ndogo yenye laini ndani, iliyonunuliwa bando lilelile la GB kadhaa. Hotspoti inachukua data ya laini na kuivisha nguo ya waifai, halafu kifaa kilichounganishwa kinaona nguo tu. Kinasema, aah, tumefika nyumbani, shusheni mizigo! Na mizigo yote iliyokuwa inasubiri kwa heshima wiki nzima inashuka kwa mpigo: apdeti, picha za kuhifadhiwa mtandaoni, video za makundi ya WhatsApp. Yaani kadiri ulivyojibana kwenye data, ndivyo foleni ilivyo ndefu siku ukimwomba mtu hotspoti. Swichi uliyoiwasha kulinda bando lako ndiyo inayomfilisi mwenzako.

Swali sahihi ni nani analipa, na kwa kipimo gani. Na vifaa vyetu vinajua kuliuliza, ila wamelificha. Kwenye Windows, ukishaunganishwa na hotspoti, ingia `Settings`, `Network & internet`, `Wi-Fi`, bonyeza jina la mtandao huo, washa `Metered connection`. Hapo Windows inasimamisha apdeti zake karibu zote, inaacha zile ndogo za lazima. Inakumbuka kwa jina la mtandao, kwa hiyo ukibadilisha jina la hotspoti yako, umeanza upya. Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo wa waifai, tafuta `Network usage`, chagua `Treat as metered`. Kwenye aifoni kuna `Low Data Mode`, nayo ni ya kila mtandao peke yake.

Nikiri jambo moja, ingawa sipendi. Android kwa Android wamejitahidi. Simu inayotoa hotspoti huiambia ile inayopokea kwamba data hii inapimwa, na ile ikiachwa kwenye `Detect automatically` husikia. Lakini kusikia kwa simu si kusikia kwa kila programu. Nyingine hazijali kipimo, zinauliza waifai basi. WhatsApp kwa mfano ina orodha yake, `Storage and data`, halafu `When connected on Wi-Fi`. Mimi nimeondoa alama zote pale, video naishusha kwa kidole changu mwenyewe. Na lile gemu la mpwa wangu? Tulipowasha `Metered connection` apdeti za Windows zilisimama, gemu likaendelea kula kama halijaambiwa kitu. Ikabidi tuingie ndani yake tulizuie humohumo. Kwa hiyo ukishawasha swichi, rudi kwenye `Data usage` baada ya robo saa uone nani bado anatafuna.

Haya, kijana akauliza sasa yeye mizigo yake mikubwa aishushe lini. Alikuwa anataka faili la kusimika Ubuntu, mfumo wa Linux, GB 6 hivi. Swali la haki. Nikamwambia usiku, ukiwa umelala.

Bando la usiku ni rahisi kwa sababu minara imejengwa kubeba ule msongamano wa jioni, watu wote macho. Saa nane usiku minara ileile imesimama, umeme unaliwa, hakuna anayeitumia. Wanakuuzia kilichokuwa kinamwagika. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na watu wanaokesha kulitumia. Nimewahi kuishi na jirani aliyekuwa anaamka saa sita usiku kutazama video mpaka alfajiri, halafu kazini anasinzia, anajisifu kaokoa hela. Bando la usiku ni la mashine. Mtu alale.

Tulipiga hesabu kwenye karatasi. Mbps 1 kwa saa nzima ni kama MB 450. Pale kwake usiku alipima akapata Mbps 4, na kupima kwenyewe upime usiku, kasi ya saa mbili jioni haikuambii kitu. Mbps 4 ni GB 1.8 kwa saa, kwa hiyo GB 6 zinataka saa tatu na dakika ishirini. Bando lake linaanza saa sita usiku na kuisha saa kumi na moja alfajiri. Linatosha. Lingekuwa faili la GB 30, lisingetosha kwa usiku mmoja hata angepiga dua. Hilo unaligawa kwa siku nne.

Kwenye laptopu yangu ya zamani, ambayo tayari ina Linux, tukaandika mstari mmoja kwenye `crontab`, orodha ya kazi ambazo mashine inazifanya yenyewe kwa saa uliyoipanga:

```
5 0 * * * timeout 285m wget -c -i $HOME/foleni.txt -P $HOME/mizigo
```

Anwani za mafaili zinakaa kwenye `foleni.txt`, kila moja mstari wake. Dakika tano baada ya saa sita usiku kazi inaanza, na baada ya dakika 285, yaani saa kumi na moja kasoro dakika kumi, `timeout` inaikata shingo. Ile `-c` inaifanya usiku unaofuata iendelee pale ilipoishia, badala ya kuanza moja.

Watu wengi wanakumbuka saa ya kuanza, ya kukata hawaikumbuki. Bando la usiku likiisha, upakuaji hausimami kukuamsha. Unahamia kwenye bando lako la kawaida kimyakimya, na unamaliza kazi kwa bei ya mchana. Ni afadhali ukose MB mia mbili za mwisho kuliko kupitiliza dakika ishirini.

Na hiyo sifuri pale mbele ya nyota angalieni vizuri. Mara yangu ya kwanza, miaka ile, niliandika 6. Saa sita usiku si ndiyo hiyo? Kompyuta haijui saa zetu. 6 kwake ni saa kumi na mbili asubuhi. Nililala vizuri, bando la usiku likaisha bila kuguswa, na mara tu jua lilipochomoza mashine ikaanza kushusha kwa bidii. Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini taa ya ruta inawakawaka hivyo tangu asubuhi.

Usiku wa kwanza wa mpwa wangu haukwenda sawa pia, ila kwa sababu nyingine. Asubuhi kulikuwa na MB 60 tu. Simu iliyokuwa inatoa hotspoti ilikuwa yake, na ile laptopu yangu ya zamani ilikuwa imelala. Ukifunga kifuniko mashine inasinzia, hotspoti ya Android ikikosa mtu wa kumhudumia dakika chache inajizima, na huo ndio mwisho wa safari. Usiku wa pili tukazuia laptopu kusinzia ikiwa kwenye chaji, na kwenye simu tukazima `Turn off hotspot automatically`. Kulipokucha faili lilikuwa kamili. Amri ya `sha256sum`, inayokokotoa namba ya utambulisho ya faili zima, ikatoa namba ileile iliyoandikwa kwenye tovuti ya Ubuntu. Usiamini ukubwa wa faili peke yake, hasa ukiwa umelipakua kwa vipande.

Jambo la kuangalia kabla ni kama seva inakubali kuendelea pale ulipoishia. Andika `curl -I` na anwani ya faili. Ukiona `Accept-Ranges: bytes`, lala. Usipoiona, faili hilo usilipangie siku nne. Na zile anwani za kupakua zinazotolewa kwa muda, unazobonyeza jioni, usiku wa manane zinaweza kuwa zimekwisha nguvu.

Waifai ya bure? Ipo. Kwenye mgahawa unanunua kahawa ambayo bei yake ingetosha bando la wiki, halafu mtandao unakutoa kila nusu saa na kukutaka ujisajili upya. Usiache kazi ikiendelea hapo ukaenda zako msalani. Kama chuoni kwako ipo ya kweli, neema hiyo, itumie.

Jumamosi hii mpwa anakuja tena, safari hii na dada yake. Huyo dada ana simu mpya na laptopu, na jana alinipigia kunihakikishia nisiwe na wasiwasi wowote, yeye kila kitu ameseti kwenye waifai tu. Nimebadilisha nywila.