Umefanya kazi miaka 14 na vyeti vya shule havitoshi, uingie chuo kwa njia ipi?

"Nina miaka 38, stoo nimekaa miaka 14, nataka kusoma digrii ya biashara ila matokeo yangu ya sekondari hayafiki. Nipeleke faili la uzoefu wangu au nifanye mtihani wa watu wazima?"

Kabla ya yote ujue faili la uzoefu, lile wengi wanaita potifolio, lina kazi mbili tofauti na watu wanazichanganya sana. Kuna la kukufungulia mlango, yani linakaa badala ya cheti cha shule, na kuna la kukusamehe masomo ukishakuwa ndani. Chuo kinaweza kukubali la kwanza kikakataa kabisa la pili, kwa hiyo uliza mapema usije ukahesabu miaka miwili kumbe ni mitatu kamili.

Wanaoitetea potifolio wana hoja nzito. Matokeo ya shule yanaonyesha ulivyokuwa na miaka 17 au 18, pengine mwaka ule kulikuwa na msiba nyumbani au ada haikulipwa, sasa kumpima mtu wa miaka 38 kwa karatasi ile hata mi naona si haki. The Open University ya Uingereza ilianza kufundisha mwaka 1971 bila kudai vyeti vya shule na mpaka leo ipo, kwa hiyo habari kwamba mlango ukifunguliwa chuo kitaharibika haina mashiko.

Shida inaanzia kwenye kuliandika faili lenyewe. Nimeshasoma mafaili haya mengi na kosa ni lilelile, mtu anaandika majukumu yake badala ya alichojifunza. "Nilisimamia stoo kwa miaka 14." Sawa, lakini mkaguzi afanye nini na hiyo? Haimpi kitu cha kupima. Mwingine wa kazi hiyohiyo akaandika hivi: mwisho wa mwezi nilihesabu mzigo nikapata vipande 412, leja inasema 436, tofauti 24, nikarudi kwenye risiti moja moja nikakuta vipande 24 vilivyorudishwa na mteja vimeingizwa mara mbili, toka siku hiyo nikaanza kugonga muhuri kila hati ya marejesho ikishaingizwa ili isirudiwe. Akaambatanisha karatasi ya hesabu ya mwezi ule, majina ya wateja kayafuta, na barua ya msimamizi wake inayosema wazi kwamba utaratibu wa muhuri ni yeye aliyeuleta. Huyo unaona anajua kulinganisha hesabu, anajua kutafuta chanzo cha kosa na anajua kulizuia lisirudi. Mkaguzi anatafuta hayo tu, kwamba ushahidi unahusu kitu chenyewe, unatosha, ni wako kweli na si wa zamani sana. Barua ya "ni mfanyakazi mwaminifu na mchapakazi" haisaidii hapo, hata isainiwe na bosi mkubwa kiasi gani.

Sasa upande wa pili, na walimu wanaosita nawaelewa, wala si kwamba wanadharau watu wa kazi. Digrii ya biashara kwa kawaida inakuletea takwimu na aljebra mapema tu, na stoo haikufundishi kutafuta x wala kusoma mkengeuko wastani. Potifolio inaweza kuwa nzuri kabisa na bado isiguse hilo. Unaingia kwa heshima zote, halafu mitihani ya kwanza inakuangusha, ada imeshalipwa na ruhusa kazini umeshaimaliza, na hiyo inaumiza kuliko kukataliwa mlangoni. Mtihani wa watu wazima nao hauzibi pengo hilo, mara nyingi unapima kusoma, kuandika hoja na kufikiri kwa haraka, kwa hiyo unaonyesha kama unaweza kujifunza ila haukufundishi kitu. Njia inayokufundisha ni kozi ya faundesheni, yani ya maandalizi kabla ya digrii. Ubaya wake inakula muda, na mtu wa miaka 38 mwenye watoto muda ndo hana.

Kwa kesi yako mi ningeenda na potifolio, maana ushahidi wa stoo upo na mtihani wa saa chache hautauona. Ila kabla ya kupeleka, omba karatasi ya zamani ya hesabu ya muhula wa kwanza wa kozi hiyohiyo, kaa saa mbili bila simu uijaribu. Kama unaelewa swali linataka nini ila umesahau njia, miezi michache ya kujikumbusha jioni inatosha, peleka faili. Kama swali lenyewe hulielewi, chukua faundesheni hata kama potifolio ingekupitisha. Na kama baadaye unataka usajili wa bodi ya taaluma, waulize kwa maandishi kama wanampokea aliyeingia chuo bila matokeo ya shule, kwa sababu bodi nyingine zinaweza kurudi kuudai ule ule ufaulu wa sekondari ambao chuo kilikusamehe.